Robo au Kilo Mbili? Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Chakula cha Mwezi

Ukiingia dukani Mau Narok na shilingi 45, utatoka na robo ya sukari. Jirani yako akiingia na shilingi 310, atatoka na pakiti ya kilo mbili. Sukari ni ileile, pengine hata imetoka kwa gunia moja. Lakini kwa bei hizo wewe umenunua kilo kwa shilingi 180, na jirani ameipata kwa 155. Hakuna mahali dukani palipoandikwa tofauti hiyo. Inabidi uitafute mwenyewe.

Anayelipa ile bei ya juu mara nyingi ni mwenye kibarua: yule anayelipwa jioni baada ya kuvuna viazi, kung'oa karoti au kupalilia, na pesa yake ni ya siku hiyo. Anayelipwa maziwa yake mara moja kwa mwezi ana nafasi ya kununua pakiti kubwa. Lakini pakiti kubwa nayo haina faida kila wakati. Kuna mafuta ambayo bei yake ya kupima ni nafuu kuliko ya chupa, na kuna gunia la mahindi linalokula faida yake likiwa limekaa stoo.

Katika makala haya tutachukua nyumba moja ya watu watano na vyakula vitatu tu: sukari, mafuta ya kupikia na mahindi. Bei tunazotumia ni za mfano, ili hesabu iwe rahisi kufuata. Ukifika dukani, weka bei za siku hiyo, njia ni ileile.

Kwanza jua nyumba yako inatumia kiasi gani

Watu wengi huandika orodha ya mwezi kwa kukisia. Afadhali uanze na mwezi uliopita. Ikiwa huwa unalipa dukani kwa simu, fungua taarifa ya miamala yako na utafute jina la duka unalonunua kila siku. Utaona malipo ya 45, ya 20, ya 120, moja baada ya jingine. Andika kando ya kila moja ilikuwa ya nini, kabla hujasahau. Kama hulipi kwa simu, weka daftari jikoni kwa wiki mbili kisha zidisha mara mbili.

Nyumba yetu ya mfano ilipohesabiwa hivyo ilipatikana inatumia sukari kilo 4 kwa mwezi, yaani robo moja inaisha karibu kila siku mbili. Mafuta ni lita 3. Mahindi ya kusaga ni kilo 24. Shika hizo namba tatu, kwa sababu kila uamuzi hapa chini unazitegemea.

Gawanya bei kwa kilo au kwa lita

Hesabu yenyewe ni moja. Chukua bei, gawanya kwa uzani uliomo. Robo kilo ni 0.25, kwa hivyo kwenye kalkuleta ya simu unabonyeza 45 ÷ 0.25, unapata 180. Nusu kilo ya shilingi 85 ni 85 ÷ 0.5, yaani 170. Pakiti ya kilo mbili ni 310 ÷ 2, yaani 155. Sasa zote ziko kwa kipimo kimoja na unaweza kuzilinganisha.

Uzani wa kutumia ni ule ulioandikwa kwenye pakiti, si ukubwa wa pakiti kwa macho. Pakiti mbili zinaweza kuwa na urefu sawa na moja ikawa na gramu 900 badala ya kilo. Angalia maandishi madogo, kwa kawaida yako chini mbele au nyuma karibu na tarehe.

Kwa sukari ya nyumba yetu, robo 16 kwa mwezi ni shilingi 720. Pakiti mbili za kilo mbili ni 620. Imebaki shilingi 100. Lakini kuna mtego hapa ambao kalkuleta haiuoni. Sukari ikiwa nyingi kwenye mkebe, kijiko cha chai hujaa zaidi. Zile shilingi 720 za robo zinaweza kununua kilo 4 na zaidi kidogo ya nusu kwa bei ya pakiti kubwa. Kwa hivyo nyumba ikianza kutumia kilo 5 kwa sababu tu sukari iko, itatumia shilingi 775 na itakuwa imepoteza. Dawa yake ni kufungua pakiti moja na kuandika tarehe juu yake. Ikiisha kabla ya siku 15, ile faida imeingia kwenye chai.

Mafuta ya kupima: pima mwenyewe

Mafuta ya kupima yana shida yake: hujui mililita ngapi zimeingia kwenye chupa yako. Muuzaji anauza ya shilingi 20, si ya mililita fulani. Suluhisho ni rahisi. Tafuta chupa tupu ya soda ya mililita 500, ikauke vizuri, kisha kila ukinunua mafuta ya 20 uyamimine humo kwanza kabla ya kutumia, na uweke alama ya kalamu. Ukinunua mara tano kwa jumla ya shilingi 100 na mafuta yote pamoja yangefika mililita 300, basi kila shilingi 20 inakupa mililita 60, na lita moja unailipia kama 333.

Sasa linganisha. Chupa ndogo ya nusu lita ikiuzwa 175, lita yake ni 350. Hapo ya kupima ni nafuu kuliko ya chupa, hata kama chupa inaonekana ndiyo ya mtu aliyejipanga. Mtungi wa lita 3 ukiuzwa 900, lita ni 300. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa 5,600, lita ni 280.

Je, ununue ule wa lita 20? Nyumba yetu inatumia lita 3 kwa mwezi, kwa hivyo mtungi huo utakaa zaidi ya miezi sita. Ukilinganisha na mtungi wa lita 3, unaokoa shilingi 60 tu kwa mwezi, na umefunga 5,600 stoo. Pesa hiyo haitakusaidia mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mtungi mkubwa una maana majirani wanne wakichanga 1,400 kila mmoja na kugawana lita tano tano siku hiyohiyo, mbele ya wote, kwa chupa zenye kipimo kinachojulikana.

Jambo moja zaidi kuhusu mafuta. Ya maji huuzwa kwa lita, ya kuganda huuzwa kwa kilo, na lita moja ya mafuta haifiki kilo. Ina uzani wa kama kilo 0.92. Kwa hivyo mafuta ya maji ya shilingi 315 kwa lita ni kama 342 kwa kilo, na yale ya kuganda ya 330 kwa kilo ndiyo nafuu, ingawa bei ya kwenye rafu inasema kinyume.

Gunia la mahindi na kilo 12 za kupotea

Mau Narok ni nchi ya ngano, shayiri, viazi na karoti. Mahindi huko juu, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, huchukua muda mrefu kukomaa kwa sababu ya baridi, kwa hivyo nyumba nyingi hununua mahindi sokoni. Huko kipimo ni gorogoro, ule mkebe wa mafuta wa kilo mbili.

Gorogoro si mizani. Ukigongwa chini ukaingia ndani, au ukifinywa ubavuni, unabeba kidogo. Mahindi ya punje kubwa nayo hayajai kama ya punje ndogo. Siku moja peleka mahindi ya gorogoro moja mahali penye mizani, posho mili kwa mfano, uone kilo ngapi. Tuseme mkebe wa muuzaji wako unatoa kilo 2 kamili kwa shilingi 120. Kilo ni 60.

Gunia la kilo 90 tuseme ni 4,500, na bodaboda wa kulifikisha nyumbani ni 180. Jumla ni 4,680, na kilo inakuwa 52. Unaokoa shilingi 8 kwa kila kilo, yaani 720 kwa gunia zima. Kusaga hatujakuhesabu kwa sababu unalipa sawa kwa njia zote mbili. Ila kama unalinganisha na unga wa pakiti, ongeza gharama ya posho mili kwanza. Na kumbuka kuwa ukikoboa, pumba inatoka, kwa hivyo unga unaorudi nyumbani ni mwepesi kuliko mahindi uliyopeleka. Pima unga huo, ndio ugawanye nao.

Sasa angalia upande wa pili. Kwa 4,680 ungepata kilo 78 za gorogoro. Hiyo maana yake ni kwamba gunia lako likipoteza zaidi ya kilo 12 kwa ukungu, fukusi au panya, umelipa zaidi kuliko aliyenunua mkebe mmoja mmoja. Kwa nyumba inayotumia kilo 24 kwa mwezi, gunia litakaa karibu miezi minne. Kilo 12 zinaweza kupotea kwa muda huo, hasa kwenye baridi na unyevu wa Mau.

Sehemu ya kwanza ya hasara ni maji unayonunua pamoja na mahindi. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukinunua gunia lenye unyevu wa asilimia 18 na ulikaushe hadi hapo, kilo 90 zinabaki karibu 85. Kilo tano zimeenda na upepo, na bado hujaanza kuhesabu panya. Usipolikausha ndiyo mbaya zaidi, maana ukungu utaingia, na mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu ya aflatoksini isiyoondoka kwa kupikwa. Hayo hayauzwi, hayaliwi, wala hayapewi kuku.

Kuna kipimo cha nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi. Ikianguka yote chini, yako karibu na ukavu unaofaa. Chukua mahindi ya kupima kutoka katikati ya gunia, si ya juu, kwa sababu ya juu ndiyo huanikwa kwa wateja.

Ukishalifikisha nyumbani, liweke juu ya mbao, si kwenye sakafu ya saruji au udongo, na lisiguse ukuta. Kila wiki ingiza mkono ndani kabisa. Ukihisi joto, au ukisikia harufu ya uvundo, limwage ulianike siku hiyohiyo.

Viazi tumeviacha nje ya orodha kwa sababu hapa ndipo nyumbani kwao, lakini sheria ni ileile ya uzani. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Ukiambiwa bei ya gunia bila mizani, hasa lile lililofungwa kilemba juu, huna cha kugawanya. Omba lipimwe kwanza.

Ada, nauli na mkopo pia ni sehemu ya bei

Bei kwa kilo haiishii kwenye rafu. Chukua ile pakiti ya sukari ya 310. Ukienda kwa ajenti kutoa pesa na ukakatwa ada ya shilingi 29 ili ulipe keshi, pakiti imekuwa 339, na kilo ni karibu 170. Ile faida ya shilingi 50 dhidi ya robo imebaki 21. Ukilipa moja kwa moja kwa namba ya kulipia ya duka, ile iliyo kwenye stika ya kaunta, ada ya kutoa haipo. Kama duka halina namba hiyo, toa pesa ya orodha nzima mara moja, si mara nne. Na muulize mwenye duka mapema kama bei ya kulipa kwa simu ni ileile ya keshi.

Nauli nayo igawe hivyohivyo. Tuseme holseli ya Nakuru mjini ingekupunguzia shilingi 250 kwa orodha yako yote, na matatu ya kwenda na kurudi ni 500. Safari hiyo imekula faida mara mbili. Lakini ukiwa unaenda mjini kwa shughuli nyingine, nauli umeshalipa, basi nunua huko.

Halafu kuna mkopo wa simu. Wengine hukopa ili wanunue gunia kwa bei ya jumla. Hebu tuhesabu. Ukikopa 4,680 kwa gharama ya shilingi 8 kwa kila mia kwa mwezi, unalipa 374 juu. Zaidi ya nusu ya ile 720 imeenda. Ukichelewa na kuongezewa mwezi wa pili kwa gharama hiyohiyo, umelipa kama 749, na gunia sasa ni ghali kuliko gorogoro. Kwa mfano huu, mkopo wa kununua chakula cha miezi minne haujilipi.

Uanze na kipi?

Kama pesa yako ni ya kila siku, huwezi kubadilisha orodha yote kwa mpigo mmoja. Swali la kujiuliza ni hili: kwa kila shilingi 100 ninazofunga kwenye pakiti kubwa, ninaokoa ngapi, na pesa inarudi lini?

Sukari inafunga 310 na inaokoa 50, yaani kama 16 kwa kila mia, na ndani ya siku 15 pesa imerudi. Mafuta ya lita 3 yanafunga 900 na yanaokoa 100, yaani 11 kwa kila mia, kwa mwezi. Gunia la mahindi linaokoa kama 15 kwa kila mia, lakini kwa karibu miezi minne, na lina hatari ya kuharibika. Kwa hivyo mpangilio ni sukari, halafu mafuta, mwisho mahindi.

Weka kando shilingi 20 kila siku kwenye akiba ya simu, mahali ambapo huwezi kuichota ukiwa na haraka. Baada ya siku 16 una 320, nunua pakiti ya sukari. Tangu hapo, zile 45 ulizokuwa ukitoa kila baada ya siku mbili ziweke kwenye akiba badala ya kuzipeleka dukani. Pakiti ikikaribia kuisha utakuwa na ya kununua nyingine na kama 50 juu. Ukiendelea na zile 20 za kila siku, mtungi wa mafuta wa 900 utaufikia kwa wiki tano au sita.

Mahindi yanahitaji subira na jirani. Gawaneni gunia moja watu wawili: kila mmoja anatoa 2,340 na kupata kilo 45, ambazo nyumba yetu inamaliza kabla ya miezi miwili. Akiba ni ileile ya shilingi 8 kwa kilo, lakini pesa iliyofungwa ni nusu, na muda wa kuharibika ni nusu. Ukiweka ile 20 ya kila siku pamoja na 200 za mwezi zilizookolewa kwenye sukari na mafuta, utaifikia kwa miezi mitatu hivi. Kwa hivyo ukianza kuweka kwa ajili ya mahindi mwezi wa Agosti, pesa itakuwa tayari Novemba, wakati mavuno ya Bonde la Ufa yanaingia sokoni na bei kwa kawaida hushuka. Ila hayo ndiyo mahindi mabichi kuliko yote ya mwaka. Usiende bila chupa yako ya chumvi.

Vyote vitatu vikiwa vimebadilika, nyumba iliyokuwa ikitumia shilingi 3,160 kwa mwezi kwa sukari ya robo, mafuta ya kupima na mahindi ya gorogoro itatumia 2,768. Tofauti ni 392. Kabla ya kununua mwezi ujao, andika vyakula vyako vitatu vinavyokula pesa nyingi zaidi, na kando ya kila kimoja weka namba mbili: kilo mnazotumia kwa mwezi, na bei ya kilo kwa kila ukubwa wa pakiti. Rudia hesabu hiyo kila bei inapobadilika, kwa sababu pakiti iliyokuwa nafuu mwezi huu inaweza isiwe nafuu mwezi ujao.